Chati hukuonyesha mahali, haikuonyeshi siku

Tarehe 3 Januari 2022, fahirisi ya hisa za Marekani ya S&P 500 ilifunga kwenye pointi 4,796.56, kisha ikaanza kushuka. Kiwango hicho kiligeuka dari. Ilichukua zaidi ya miaka miwili, hadi tarehe 19 Januari 2024, kwa fahirisi kufunga juu yake, na wiki tatu tu baadaye ikafunga juu ya 5,000. Aliyesema mwaka 2022 kwamba dari ile itavunjwa alikuwa sahihi. Lakini kama alinunua opsheni ya miezi mitatu kwa kutegemea hilo, fedha yake ilipotea yote.

Hapo ndipo opsheni inapotofautiana na hisa. Mwenye hisa anaweza kusubiri. Mwenye opsheni ya kununua, ambayo wafanyabiashara huiita koli, amelipia haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya siku fulani. Bei hiyo ni bei ya utekelezaji, siku hiyo ni siku ya ukomo, na anacholipia haki hiyo ni ada. Siku ya ukomo ikifika na hisa iko chini ya bei ya utekelezaji, haki hiyo haina thamani tena. Kwa hiyo mnunuzi lazima awe sahihi kuhusu mambo mawili: bei itafika wapi, na itafika lini.

Tuchukue hisa ya mfano. Kwa miezi kadhaa imekuwa ikipanda na kushuka kati ya dola 92 na dola 100. Mara tatu imegusa 100 na kurudi. Leo imefunga kwenye dola 101, na wauzaji waliokuwa wakiizuia wanaonekana wameisha. Kabla ya kufungua orodha ya opsheni, chukua kalamu uandike namba tatu kutoka kwenye chati. Ya kwanza ni kiwango chenyewe, 100. Ya pili ni lengo: kimo cha eneo lile la zamani ni dola 8, ukikiongeza juu ya 100 unapata 108. Ya tatu ni mahali ambapo wazo lako limekufa. Tuseme mara ya mwisho hisa iliposhuka kabla ya kuvunja dari ilisimama kwenye 97. Ikirudi hapo, dari haikuvunjwa kweli.

Sasa bei ya utekelezaji. Tukitumia kanuni ya Black na Scholes ya mwaka 1973, tukichukulia mtikisiko wa bei wa asilimia 30 kwa mwaka na riba ya asilimia 4, koli za siku 45 zingegharimu takribani hivi: ya dola 100 ingekuwa dola 5.00, ya 105 dola 2.80, na ya 110 dola 1.40. Marekani mkataba mmoja wa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo unalipa dola 500, 280 au 140.

Wageni wengi huvutwa na ile ya 110 kwa kuwa ni rahisi. Lakini ukijumlisha bei ya utekelezaji na ada unapata 111.40, na hapo ndipo hisa inapotakiwa iwe siku ya ukomo ili fedha yako irudi. Lengo lako ni 108. Umenunua opsheni ambayo, ukiishikilia hadi mwisho, itakupa hasara hata chati yako ikiwa sahihi. Ile ya 105 inarudisha fedha kwenye 107.80, senti ishirini tu chini ya lengo. Ile ya 100 inarudisha kwenye 105, na hisa ikiwa 108 siku ya ukomo ina thamani ya dola 8: faida ya dola 300 kwa mkataba.

Ni haki kusema pia kwamba hisa ikikimbia, opsheni za mbali hulipa vizuri. Ikifika 108 baada ya siku 20, na mtikisiko ukabaki uleule, ile ya 110 ingepanda hadi takribani dola 2.60 na ile ya 100 hadi 8.90. Kwa asilimia hazipishani sana: ya kwanza imepata kama 86, ya pili 78. Tofauti inajitokeza mambo yakienda kombo. Hisa ikirudi 97 baada ya siku 10, ile ya 100 bado inauzika kwa kama dola 2.50, nusu ya ulicholipa. Ile ya 110 imebaki na senti 40 hivi, yaani zaidi ya asilimia 70 imekwisha. Ndiyo maana ninapendekeza bei ya utekelezaji iwe kwenye kiwango chenyewe, au karibu yake upande ambao hisa tayari iko.

Siku ya ukomo nayo hutoka kwenye chati. Tazama hisa hiyo ilichukua muda gani siku za nyuma kupanda dola 8. Kama ni wiki tatu, usinunue opsheni ya wiki tatu. Nunua ya wiki sita au zaidi kidogo, kwa sababu hisa iliyovunja dari mara nyingi hurudi kuigusa kabla ya kuendelea, kama mgeni aliyesahau kitu anayerudi mlangoni kabla ya kushika njia. Opsheni fupi haiwezi kuvumilia hatua hiyo. Koli ya 100 ya siku 7 ingegharimu kama dola 2.30. Hisa ikirudi 100 kamili siku ya saba, opsheni hiyo ni sifuri, ilhali ile ya siku 45 bado ina kama dola 4.10. Hisa imefanya jambo la kawaida kabisa, lakini mmoja ametoka mtupu na mwingine bado yumo.

Muda huo wa ziada si wa kukaa nao hadi mwisho. Thamani ya siku huyeyuka kwa kasi zaidi ukomo unapokaribia, kwa hiyo ikifika nusu ya muda na hisa haijasogea, uza. Hisa ikifika 108, uza pia. Ikifunga chini ya 97, uza kesho yake bila kubishana, ukijua kwamba inaweza kufungua chini zaidi ya ulivyotarajia.

Mambo mawili yanaweza kuharibu hesabu hii nzuri. La kwanza ni matokeo ya fedha ya kampuni. Yakikaribia kutangazwa, ada hupanda kwa sababu ya wasiwasi, na yakishatangazwa wasiwasi huisha na ada hushuka, hata hisa ikipanda kidogo. Angalia tarehe hiyo kabla ya kununua. La pili ni pengo kati ya bei unayoweza kununulia na bei unayoweza kuuzia. Ukiona 4.50 upande mmoja na 5.50 upande mwingine, umepoteza dola 100 kwa mkataba kabla hisa haijasogea. Hapo iache, hata chati iwe nzuri namna gani.

Mwisho, hesabu hasara kabla ya faida. Katika mfano wetu unaweza kupoteza kama dola 250 ukitoka kwenye 97, na dola 500 zote mambo yakiharibika kabisa. Kama dola 500 ni fedha ya ada ya shule au ya chakula nyumbani, mkataba huo haukufai. Na kama huwezi kuandika zile namba tatu pamoja na idadi ya siku kabla ya kubofya, usinunue.