Paja la Chui: pini, bamba na mstari mweusi

Chui aliletwa Jumatatu asubuhi, amefungwa kwenye khanga kama mtoto. Alikuwa na umri wa miezi 4 na nusu na uzito wa kilo 11. Jioni iliyotangulia bodaboda ilikuwa imemgonga getini, na mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Bibi aliyemleta alikuwa na ombi moja.

"Daktari, mwanangu, si umfunge hogo tu, nirudi naye nyumbani?"

Nilimwonyesha picha za eksrei kabla ya kumjibu. Tulipiga mbili, moja kutoka ubavuni na moja kutoka mbele, kwa sababu picha moja inaweza kuuonyesha mfupa umenyooka kumbe umepinda upande ambao haikuuona. Ncha ya chini ya mfupa wa paja, ile inayoshika goti, ilikuwa imeng'oka na kurudi nyuma, ikivutwa na misuli ya nyuma ya goti. Kona ndogo ya mfupa wa juu ilikuwa imemeguka ikaenda nayo. Mahali ulipopita mvunjiko ndipo penye gegedu la ukuaji, utando laini ambao mfupa hutumia kurefuka. Mwaka 1963 Salter na Harris, madaktari wa Toronto, waliigawa mivunjiko ya aina hii kwa watoto wa binadamu, nasi wa mifugo tunautumia mgawanyo huo hadi leo. Wa Chui ulikuwa aina ya pili.

Hogo lisingemfaa. Mvunjiko hushikwa pale tu kiungo cha juu yake na cha chini yake vinapotulizwa pamoja, na nyonga ya mbwa haifungiki vizuri. Kuna ubaya mwingine ninaouogopa zaidi. Ukilifunga paja la mtoto wa mbwa likiwa limenyooka, msuli wa mbele wa paja hugandamana na mfupa unaopona, goti likakataa kukunjika. Nimewahi kuletewa mbwa wa namna hiyo, mguu umekakamaa kama fimbo ukielekezwa nyuma, na hakuna nilichoweza kuurudishia.

Kwa hiyo ilibidi apasuliwe, tena bila kuchelewa. Mfupa wa mtoto huanza kujishika upesi. Siku ya pili au ya tatu vipande hurudi mahali pake kwa kubembelezwa; ikipita wiki unalazimika kuvichokonoa kwa chuma, na kila unapochokonoa unalijeruhi gegedu lenyewe.

Bibi alikuwa amesikia habari za mbwa wa jirani aliyewekewa bamba la chuma lenye skrubu, akauliza kwa nini Chui asiwekewe hilo, kwa kuwa lilionekana imara. Ni kweli ni imara. Lakini bamba likivuka gegedu la ukuaji, skrubu zikaingia juu na chini yake, upande huo wa mfupa unafungwa kufuli. Mfupa hauwezi kurefuka, au unarefuka upande mmoja na kupinda. Gegedu la chini la paja ndilo linaloleta takriban robo tatu ya urefu wa mfupa ule, nalo kwa kawaida hufunga mbwa akiwa na miezi 8 hadi 11. Chui alikuwa bado na safari ndefu ya kukua.

Tulitumia pini mbili nyembamba, laini, zisizo na nyuzi kama za skrubu. Kila moja iliingia ubavuni mwa ncha ya chini, nje ya sehemu inayosuguana ndani ya goti, ikapanda kwa mshazari na kutoboa kidogo tu ukuta wa mfupa upande wa pili. Ulaini wake ndio siri: mfupa unaokua unaweza kuteleza juu ya pini laini, ila nyuzi zingeung'ang'ania. Tulihakikisha pia kwamba pini zinapishana juu ya mstari wa mvunjiko. Zikipishana palepale kwenye mstari, ncha ya chini inaweza kuzunguka kama tairi kwenye ekseli. Mbwa ana bahati ya kimaumbile hapa, kwani gegedu lake lina vilima na mabonde vinavyoingiliana, na vikikaa sawasawa vinasaidia kuzuia mzunguko.

Kama paja lingevunjika katikati, hesabu ingekuwa nyingine. Pini moja nene inayopita ndani ya uwazi wa uboho huzuia mfupa usipinde, lakini haizuii vipande kuzunguka. Bamba huzuia vyote viwili, ila ukuta wa mfupa wa mtoto ni mwembamba na skrubu hung'oka humo kama msumari kwenye mgomba. Ndiyo maana huko tunachagua bamba refu na jembamba, tunaweka skrubu chache kwenye miisho yake na kuacha matundu ya katikati wazi. Bamba hunesa kidogo, na mzigo haulemei skrubu moja.

Chui alirudi nyumbani bila bandeji. Nilimwomba Bibi amzuie kukimbia na kuruka, na mara kadhaa kwa siku alikunje na kulikunjua goti taratibu.

Baada ya wiki 2 tulipiga picha tena. Mtu asiyezoea angeshtuka, maana mstari mweusi bado ulionekana juu ya goti. Lakini gegedu halionekani kwenye eksrei, na kila mtoto wa mbwa ana mstari huo hata kama hajavunjika. Hivyo tulipiga mguu mzima wa kulia pia, tukaweka picha bega kwa bega. Nilitazama kwanza kama mifupa bado imekaa kwenye mstari wake, kisha kama pini zimesogea au zimezungukwa na weusi, dalili kwamba zimelegea au kuna maambukizi. Mwisho nilitafuta mfupa mpya. Pale kwenye kona iliyomeguka palikuwa na wingu jepesi jeupe, kingo zake zimeanza kufifia. Wingu dogo la namna hiyo ndilo ninalolitaka. Wingu kubwa lenye ufa mweusi uliobaki wazi katikati lingeniambia kwamba vipande vinachezacheza.

Wiki ya 4 ile kona ilikuwa imeshikamana kabisa. Pini ya nje ilikuwa imerudi nyuma milimita 4 na kuinua ngozi, jambo la kawaida kwa pini laini. Tukazitoa zote mbili, na goti lilikunjika vizuri.

Hata hivyo picha hiyo ilikuwa na habari nyingine. Mguu wa kulia ulionyesha mstari mweusi waziwazi. Wa kushoto ulikuwa karibu kutoweka. Gegedu lilikuwa linafunga mapema. Pini laini hulilinda lisifungwe na chuma, lakini haziwezi kufuta kishindo cha bodaboda, na majeraha ya mahali hapa huishia hivyo mara nyingi. Nilimweleza Bibi bila kumficha.

"Atachechemea?" aliuliza.

Wiki ya 10 tulipima. Paja la kushoto lilikuwa fupi kwa milimita 9, lakini halikuwa limepinda, kwani gegedu lilifunga pande zote kwa pamoja. Chui analinyoosha goti na nyonga ya upande huo kidogo zaidi, akisimama ndipo utauona utofauti ukimtazama kutoka ubavuni. Akikimbia sijauona. Tumekubaliana apigwe picha nyingine akifika miezi 8, ili tupime tena tofauti ya urefu wa mapaja yake.