Supaglu siyo ya kila kitu: Chagua hivi gundi ya raba, mbao na plastiki

Soli ya raba imeachia mbele, inapiga makofi kila ukitembea. Unaingia dukani, unanunua kichupa cha supaglu, unadondosha matone matano, unabana dakika moja. Imeshika! Kesho yake kabla hujafika kituo cha daladala imeachia tena, na pale ulipoweka gundi pamekuwa pagumu kama kioo.

Usikimbilie kusema gundi ni feki. Supaglu ina nguvu kweli, ila siyo nguvu inayotakiwa kwenye kiatu.

Gundi hii hukauka kwa kukutana na unyevu kidogo ulioko hewani na juu ya kitu chenyewe, ndiyo maana inashika kwa sekunde chache. Ikishakauka haipindi. Jaribu kuvuta vitu viwili vilivyounganishwa nayo moja kwa moja, utahangaika. Anza kuvibandua kutoka pembeni, kama unavyobandua stika, vinaachia kirahisi. Soli inapinda kila hatua, na huwa inabanduliwa kuanzia pembeni. Hapo supaglu haina ujanja.

Kiatu kinataka gundi inayobaki na asili ya mpira hata baada ya kukauka. Ni ile ya mafundi viatu, ya njano kama asali, inayouzwa kwenye kopo na kunuka kama thina.

Namna ya kuitumia ndiyo inayowashinda wengi. Hii haibandikwi ikiwa mbichi.

Kwanza ondoa gundi ya zamani yote, hasa mabaki ya supaglu. Piga msasa soli na upande wa juu wa kiatu mpaka mng'ao uishe, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti na uache pakauke. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, siyo upande mmoja. Kama upande wa juu ni kitambaa, kitainywa gundi, kwa hiyo subiri ikauke na upake mkono wa pili.

Sasa subiri. Kwa kawaida ni dakika 10 hadi 20, kutegemea gundi na joto la siku hiyo, hivyo soma kopo. Kipimo kizuri ni kugusa kwa kidole: ukihisi inanata lakini haitoki na kidole wala haivuti nyuzi, iko tayari.

Ukishakutanisha pande mbili hakuna kurekebisha, kwa hiyo lenga vizuri tangu mwanzo. Halafu gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni, ukiwa umejaza matambara ndani ya kiatu. Kwa gundi hii, kubana kwa nguvu kwa muda mfupi kunasaidia kuliko kuweka tofali juu yake usiku kucha. Ingawa imeshika palepale, usivae mpaka saa 24 zipite.

Fanyia kazi hii dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na sigara. Mvuke wake unawaka moto, na ukiuvuta kwa muda kichwa kinauma.

Ikiachia, isome

Kabla hujapaka upya, angalia gundi imebaki wapi. Kama yote imebaki upande mmoja na mwingine ni mweupe, basi huo mweupe haukupigwa msasa vizuri au ulikuwa na mafuta. Kama imebaki pande zote mbili na bado ni laini ndani, uliwahi kubandika. Kama iko pande zote mbili lakini ni kavu, laini na inang'aa, ulichelewa. Ikauke hivyo, paka mkono mwingine na usubiri upya.

Kuna soli moja sumbufu: ile ya plastiki laini, nzito, inayong'aa. Ndani yake wameweka kilainishi chenye asili ya mafuta, nacho hutoka polepole na kuilainisha gundi ya kawaida. Inashika vizuri, halafu baada ya wiki kadhaa gundi inageuka kuwa kama ubani uliotafunwa. Kwa soli hiyo muulize muuzaji gundi ya viatu iliyoandikwa PU kwenye kopo. Bei yake huwa juu, lakini ndiyo inayohimili mafuta hayo.

Mbao ni hadithi nyingine

Kwa mbao, gundi nyeupe ya maseremala, ile inayooshwa kwa maji ikiwa mbichi, inatosha kabisa. Maji yake yananywewa na mbao, gundi inabaki ndani ya vitundu vya mbao. Kiungo kilichokaa vizuri, ukikivunja, mara nyingi mbao ndiyo inayopasuka pembeni ya gundi.

Neno ni "kilichokaa vizuri". Gundi hii haijazi mwanya. Kama mguu wa kiti unacheza kwenye tundu lake, ukimimina gundi nyingi unapoteza gundi tu, kwani ikikauka inasinyaa. Chonga kipande chembamba cha mbao uzibe mwanya, ndipo upake. Na rangi au vanishi ya zamani iondoke, la sivyo umegundisha rangi, siyo mbao.

Bana kwa klampu au kamba iliyosokotwa kwa kijiti, kama dakika 30 hadi saa moja, kisha kiti kipumzike siku nzima kabla ya mtu kukalia. Kwa kitu kitakachopata unyevu mara kwa mara, tafuta chupa iliyoandikwa D3. Ile ya kawaida ikilowana inalainika.

Plastiki: geuza uangalie namba

Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu yenye namba ndani. Namba hiyo inaweza kukuokolea hela.

Ukiona 2, 4 au 5, gundi za kawaida za dukani sahau. Humo ndimo zilimo ndoo nyingi, madumu na viti vya plastiki. Plastiki hizi zina uso ambao gundi haiukamati. Hata tone la maji linajikunja na kuteleza. Kama namba haipo, tumbukiza kipande kidogo majini. Plastiki ngumu ikielea, huenda ni jamii hiyo.

Namba 3 ni jamii ya mabomba ya maji, na dawa yake ni gundi ya mabomba, ambayo inayeyusha uso wa plastiki na kuifanya iwe kitu kimoja. Namba 6, pamoja na plastiki ngumu ya rimoti na maganda ya redio, hukubali supaglu kama mpasuko unakutana vizuri. Usiifute kwa pamba: supaglu ikiingia kwenye pamba inapata joto kali la ghafla, inaweza kukuunguza.

Kukiwa na pengo, tumia epoksi ya mirija miwili. Changanya kiasi sawa kama maelekezo yanavyosema. Kuongeza kikaushio hakuiharakishi, kunaifanya ibaki laini. Ile ya dakika tano ni nzuri ukiwa na haraka, lakini ya kukauka polepole kwa kawaida ndiyo hushika zaidi.

Na kiti cha plastiki kilichopasuka mguu? Toboa matundu pande zote mbili za ufa kwa msumari wa moto, shona kwa waya mwembamba, kata ncha na uzikunje upande wa ndani ili zisichane nguo.