Usiku na mchana kwa tochi na chandimu: bahari itangulie kupata mwanga

Mtoto wa miaka saba aliyekulia Bagamoyo anajua hili bila kufundishwa: asubuhi jua linatokea upande wa bahari, jioni linazama upande wa Chalinze. Ujuzi huo ndio kipimo chetu leo, kwa sababu jaribio la tochi na mpira ni rahisi kulifanya, na ni rahisi vilevile kulifanya kinyume.

Chukua mpira wa chandimu wenye upana wa sentimita 15 hivi, uvike karatasi nyeupe, kisha upitishe kijiti cha mshikaki katikati. Ncha ya juu ni kaskazini. Chini kidogo ya kiuno cha mpira weka nukta nyekundu: hiyo ni Bagamoyo. Kulia kwa nukta paka bluu, ndiyo bahari.

Funga mapazia. Weka tochi mita moja na nusu kutoka kwenye mpira, vyote viwe kimo kimoja. Usiisogeze karibu! Tochi ikiwa umbali sawa na upana wa mpira, mwanga utafika kwenye theluthi moja tu, na mtoto ataona usiku ni mrefu mara mbili ya mchana. Kwetu mchana na usiku hukaribia saa 12 kila kimoja, mwaka mzima.

Sasa simama nyuma ya tochi, na mwenzako azungushe kijiti polepole. Nukta itokee kushoto kwako, ipite mbele, ipotelee kulia. Ukizungusha kinyume bado utapata usiku na mchana, ndiyo maana kosa halionekani haraka. Hapo muulize mtoto: nukta ikitoka gizani, nani katangulia kupata mwanga, bahari au Chalinze? Akijibu Chalinze, geuza mzunguko.

Kwenye karatasi ya kuchora, weka duara moja kubwa, na jua upande wa kulia. Mwambie mtoto anaitazama Dunia kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini. Apake nusu ya kushoto rangi nyeusi, kisha aweke nukta nne za Bagamoyo ukingoni: chini saa 12 asubuhi, kulia saa 6 mchana, juu saa 12 jioni, kushoto saa 6 usiku. Mishale ifuate mpangilio huohuo. Saa zetu za Kiswahili zinakaa vizuri hapa, maana saa 12 zote mbili zinaangukia pale giza na mwanga vinapokutana.

Tahadhari moja: mpira huu hauthibitishi kwamba Dunia ndiyo inayozunguka. Ukiushika ukatulia, halafu ukaizungusha tochi kando yake, usiku na mchana vitakuja vilevile. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe, usimkatalie. Mwambie ameona sawa: jaribio linaonyesha jinsi usiku unavyotokea, ila ushahidi wa nani anazunguka unatafutwa kwa njia nyingine.