Pampu mbili nzima, tangi tupu

Umeme upo. Tangi la chini limejaa. Ukiunganisha mota moja kwa moja na waya wa umeme, inazunguka vizuri. Lakini tangi la juu, linalolisha wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, halijapokea maji tangu jana. Mafundi wanaohudumia majengo ya afya wanaijua hali hii, na wengi huanza kwa kufungua pampu, kwa kuwa pampu ndiyo hulaumiwa kwanza. Ipo njia ya kuchora sababu zote kwenye karatasi moja kabla hujashika spana. Inaitwa mti wa hitilafu.

Mchoro huu ulibuniwa mwaka 1962 na H. A. Watson wa Maabara za Bell nchini Marekani. Yeye na wenzake walikuwa wakichunguza mfumo wa kurushia makombora ya Minuteman, na walichokihofia ni kombora kuruka bila mtu kukusudia. Baadaye njia yao ilihamia kwenye ndege na vinu vya nyuklia. Kwa pampu ya kituo cha afya, penseli na karatasi vinatosha.

Unaanzia juu, kwenye tukio usilolitaka. Hapa makini inahitajika, maana ukiandika "pampu mbovu" umeshahukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Tuandike hivi: "Tangi la juu halipokei maji, ingawa tangi la chini lina maji." Sentensi hiyo imeweka pia mpaka wa uchunguzi wetu. Ukame na mgao wa maji wa mjini tumeviacha nje.

Sasa tuchukue mtambo wa mfano, wa aina inayopatikana katika vituo vingi. Zipo pampu mbili kando ya tangi la chini. Pampu A hufanya kazi kila siku, pampu B ni ya akiba. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta ya dizeli inachukua nafasi kupitia swichi ya kubadilishia umeme. Ndani ya tangi la chini linaning'inia boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Maji yakishuka sana, boya hushuka nayo na kuamuru pampu zote mbili zisimame, zisije zikazunguka bila maji na kuunguza sili zake.

Chini ya sentensi yetu ya juu tunauliza: ni nini kinatosha kulifanya hili litokee? Majibu ni matatu. Umeme haupo kabisa, au pampu zote mbili zimeharibika, au boya limekwama likidai tangi ni tupu. Kwa kuwa lolote kati ya hayo linatosha peke yake, yanaunganishwa kwa lango la AU, ambalo huchorwa likiwa na kitako kilichopinda na ncha iliyochongoka juu.

Shuka tawi la umeme. Ili umeme ukosekane kabisa, gridi lazima iwe imekatika na jenereta nayo isilete umeme. Yote mawili, kwa pamoja. Hilo ni lango la NA, lenye kitako bapa na juu mviringo. Jenereta yenyewe hukwama kwa sababu ya dizeli kwisha, au betri ya kuwashia kufa, au swichi ya kubadilishia kung'ang'ania upande mmoja, kwa hiyo chini yake kuna lango la AU tena. Tawi la pampu ni fupi: A imeharibika NA B imeharibika. Tawi la boya halina lango lolote. Ni duara moja lililoning'inia chini ya kilele, na duara katika michoro hii ni sababu ambayo hatuichimbi zaidi.

Mchoro ukikamilika, kazi yake ya kwanza ni kutuorodheshea mafungu madogo kabisa ya hitilafu yanayotosha kusimamisha maji. Yapo matano: gridi na dizeli, gridi na betri, gridi na swichi, pampu A na pampu B, na la mwisho ni boya, peke yake. Manne yanahitaji hitilafu mbili zikutane. La tano halingoji mwenzake. Hata kabla ya hesabu yoyote, jicho linapaswa kwenda hapo, kwenye kidude cha plastiki chenye waya, ambacho bei yake haifiki karibu na ya pampu.

Hesabu nayo si ngumu. Kwenye lango la NA tunazidisha, kwenye lango la AU tunajumlisha. Kujumlisha hivyo huhesabu mara mbili siku chache ambazo mafungu mawili yametokea pamoja, ila hitilafu zikiwa adimu, tofauti ni ndogo mno. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wetu tu. Kila kituo kina zake.

Tuseme gridi hukatika siku 1 kati ya 10, na dizeli huwa imekwisha siku 1 kati ya 20. Zote mbili kukutana ni siku 1 kati ya 200, yaani siku 5 katika siku 1,000. Betri huwa imekufa siku 1 kati ya 50, na swichi imekwama siku 1 kati ya 100. Zikikutana na gridi zinaleta siku 2 na siku 1. Boya hukwama mara moja kwa mwaka, na huchukua siku tatu au nne hadi mtu agundue kwamba tatizo ni hilo. Hiyo ni kama siku 1 kati ya 100, na kwa kuwa halihitaji mwenzake, ni siku 10 kamili katika 1,000.

Zimebaki pampu, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Tuseme kila pampu huharibika mara moja katika miaka miwili, yaani siku 730, na matengenezo huchukua wiki mbili mota ikiwa kwa fundi wa kusuka koili. Pampu A ikiharibika, wote wanajua siku hiyo hiyo, hivyo inakosekana siku 14 kati ya 730, karibu siku 1 kati ya 50. Pampu B haina bahati hiyo. Inakaa tu. Ikiwa hujaribiwa mara moja kila miezi sita, inaweza kufa leo na kifo chake kisijulikane mpaka jaribio lijalo, kwa wastani siku 90 baadaye. Ongeza siku 14 za matengenezo, na B inakosekana siku 104 kati ya 730, yaani siku 1 kati ya 7. Pampu mbili za kiwanda kimoja, zilizonunuliwa siku moja, lakini ya akiba hukosekana karibu mara saba ya mwenzake. Zidisha: siku 1 kati ya 350, karibu siku 3 katika 1,000.

Jumla, basi, ni siku 21 katika 1,000 bila maji. Kumi kati ya hizo ni za boya.

Sasa fikiria kamati ya kituo imepata fedha na mjumbe mmoja anapendekeza pampu ya tatu. Ikikaa tu na kujaribiwa kila miezi sita kama B, zile siku 3 zitashuka hadi chini kidogo ya nusu siku. Lakini mtunza pampu akizibadilisha A na B kila wiki, ili kila moja ipate zamu yake, kifo cha inayopumzika kitajulikana baada ya siku tatu na nusu kwa wastani. B itakosekana siku 1 kati ya 42 hivi, na fungu la pampu litashuka hadi karibu nusu siku. Matokeo ni karibu sawa, na ya pili haina gharama ila utaratibu. Ningekuwa mjumbe wa kamati hiyo, pampu ya tatu nisingeipigia kura.

Boya lina tiba yake: swichi ya mkono inayolipita. Fundi akiangalia ndani ya tangi na kuona maji yamejaa, anaigeuza na pampu zinawaka. Boya linahama kutoka kwenye lango la AU na kuingia chini ya lango la NA: boya limekwama NA hakuna mtu wa kugeuza swichi. Mtu akipatikana mara 9 kati ya 10, siku 10 zinakuwa 1. Hata hivyo, swichi hiyo inazaa tawi jipya. Ikisahaulika upande wa mkono, siku tangi la chini litakapokauka hakuna kitakachozizuia pampu, na A na B zinaweza kuungua kwa zamu. Kwa hiyo iwekewe taa inayowaka muda wote ikiwa upande wa mkono.

Udhaifu mkubwa wa mti huu uko kwenye lango la NA. Kuzidisha ni halali tu kama hitilafu hazijuani. Radi moja ikipiga waya, mota zote mbili zinaweza kuungua saa ile ile, na siku 1 kati ya 350 haina maana tena. Bomba moja la kufyonzea likiziba ni hivyo hivyo. Au fundi yule yule alifunga sili zote mbili vibaya.

Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, pampu kuu zilizopeleka maji kwenye mitambo ya mvuke zilisimama alfajiri. Pampu tatu za dharura ziliwaka zenyewe kama zilivyopangwa, lakini maji hayakufika. Valvu mbili kwenye mabomba yake zilikuwa zimefungwa, na inaelekea ziliachwa hivyo baada ya majaribio ya siku mbili kabla. Zilifunguliwa baada ya dakika 8. Kilichoikuza ajali ile zaidi ni valvu nyingine, iliyokwama wazi na kumwaga maji ya kupoozea kinu, lakini zile dakika 8 zinatosha kuonyesha jinsi pampu tatu nzima zinavyoweza kuzimwa na mkono uliosahau. Anayebadilisha pampu kila wiki naye hufunga valvu na kufungua nyingine. Tawi la "valvu imeachwa imefungwa" linastahili duara lake, na duara hilo liko moja kwa moja chini ya AU ya juu, jirani na boya.

Tarakimu za mti wa kituo chenu hazimo katika kitabu chochote. Zinatoka kwenye daftari la pampu: tarehe maji yaliposimama, kilichokutwa kimeharibika, na siku zilizopita hadi maji yakarudi. Kama daftari hilo halipo, lifungueni wiki hii, na safu ya kwanza iwe ya boya.