Mito Myeupe Katika Safu Nyembamba

Safu ya gazeti au jarida inaposawazishwa kingo zote mbili, kila mstari hulazimika kuanzia na kuishia mahali pamoja, ingawa maneno yaliyomo hayana urefu sawa. Upungufu wowote unaobaki humezwa na nafasi zilizo kati ya maneno. Mstari mrefu wenye nafasi kumi huugawa upungufu huo kidogo kidogo, na jicho halioni kitu. Mstari mfupi una nafasi mbili au moja tu, kwa hiyo mzigo wote huangukia hapo na neno hubaki limesimama mbali na mwenzake. Pengo la mstari mmoja likikaa juu ya pengo la mstari unaofuata, na hilo nalo juu ya jingine, hutokea mfereji mweupe unaoteremka katikati ya aya. Wapangaji wa kurasa huuita mto. Ubaya wake ni kwamba huvuta jicho la msomaji kwenda chini, wakati maneno yanalitaka liende kulia.

Kiswahili huumia zaidi katika safu nyembamba kwa sababu ya umbo la maneno yake. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na urejeshi, kisha huandikwa kama neno moja lisilo na nafasi ndani yake. Neno “itakapotengenezwa” lina herufi 17. Lugha nyingine ingelitumia maneno manne au matano kusema jambo hilohilo, na kila nafasi kati yake ingesaidia kubeba upungufu wa mstari. Robert Bringhurst, mwandishi wa kitabu kinachotegemewa sana na wasanifu wa maandishi, anataja herufi 40 kuwa kiwango cha chini cha mstari wa Kiingereza unaosawazishwa. Kwa Kiswahili ni busara kukiona kiwango hicho kuwa finyu, na safu ya herufi 30, ambayo ni ya kawaida kwenye ukurasa wa safu nne, kuwa ni mahali pa hatari.

Hatari hiyo huonekana wazi sentensi moja inapopangwa kwa herufi zenye upana sawa, kama za taipureta, katika safu ya herufi 30 bila kukata neno lolote:

```
Wakulima          walioshindwa
kuyasafirisha   mahindi    yao
wataendelea        kuyahifadhi
ghalani     mpaka     barabara
itakapotengenezwa.
```

Mstari wa kwanza una herufi 20 na nafasi moja tu. Neno linalofuata, “kuyasafirisha”, lina herufi 13 na halienei, kwa hiyo linasukumwa chini na kuacha upungufu wa herufi tisa. Nafasi iliyopaswa kuwa na upana wa herufi moja inakuwa ya kumi. Mstari wa tatu unauma zaidi, kwa kuwa “ghalani” lilikosa kuingia kwa herufi moja tu, na kukosa huko kumezaa pengo la nane. Ukitazama kuanzia “Wakulima” kushuka hadi “mpaka”, mto unaonekana ukipita upande wa kushoto wa katikati katika mistari yote minne.

Sasa sentensi ileile, katika upana uleule, maneno mawili yakiwa yamekatwa kwa kistari:

```
Wakulima  walioshindwa kuyasa-
firisha mahindi yao  wataende-
lea kuyahifadhi  ghalani mpaka
barabara itakapotengenezwa.
```

Kila mmoja wa mistari mitatu ya mwanzo ulibakiwa na upungufu wa herufi moja tu. Hakuna nafasi iliyozidi upana wa herufi mbili, mto umekauka, na aya imepungua kutoka mistari mitano hadi minne. Katika fonti za kawaida, ambamo “i” ni nyembamba na “m” ni pana, hesabu haiwi nyepesi hivi, lakini kanuni ni ileile. Ndiyo maana tiba ya kwanza ya mapengo ni kukubali kukata maneno. Wahariri wengi huzima ukataji kwa sababu vistari havipendezi machoni pao, kisha huvumilia mapengo yanayochukiza zaidi ya vistari hivyo. Vistari viwili vinavyofuatana mwishoni mwa mistari havina neno. Vikifika vitatu ndipo ukingo huanza kuonekana kama ngazi.

Kukata neno la Kiswahili ni rahisi kuliko kukata la lugha nyingi, kwa kuwa silabi zetu huishia kwa irabu: ku-ya-sa-fi-ri-sha. Konsonanti zinazotamkwa pamoja hazitenganishwi, kwa hiyo ni “kupe-nda” na “wana-nchi”, wala si “kupen-da” na “wanan-chi”. Vivyo hivyo kwa sh, ch, dh, th, gh, ny na ng’. Maneno ya mkopo kama “daftari” na “sekta” hukatwa kati ya konsonanti mbili: daf-tari, sek-ta. Herufi moja haiachwi peke yake, hivyo “mpaka” halikatwi baada ya m ingawa hiyo ni silabi kamili. Inapowezekana, mkato bora ni ule unaofuata mwungano wa neno, kama “wata-endelea”, kwa sababu msomaji hukisia mwendelezo wake bila shida. Katika mfano wa hapo juu mkato huo ungeacha mstari wa pili na upungufu wa herufi tano, ndiyo maana “wataende-lea” ulichaguliwa. Tena macho ya binadamu yanahitajika: “kumaliza” likikatwa baada ya silabi ya pili huacha mwishoni mwa mstari neno ambalo mhariri yeyote angeona aibu kulichapisha. Likatwe ku-maliza, au lihamishwe lote.

Kompyuta haijui haya mpaka iambiwe lugha ya matini. Maandishi ya Kiswahili yakiachwa na alama ya lugha ya Kiingereza, programu hukata kwa kanuni za Kiingereza, na hapo ndipo “wanan-chi” hutokea. Ikiwa programu haina kanuni za Kiswahili, kinachobaki ni kuweka vistari vya hiari, yaani alama isiyoonekana inayosema “neno hili likihitaji kukatwa, likatwe hapa”. Katika Word huwekwa kwa `Ctrl` na `-` kwa pamoja, na katika InDesign kwa `Ctrl`, `Shift` na `-`. Kwenye kurasa za mtandao alama hiyo ni `&shy;`:

```
<p lang="sw">itakapo&shy;tengenezwa</p>
```

Kistari cha hiari kina faida kubwa juu ya kistari cha kawaida. Aya ikibadilika na neno likahamia katikati ya mstari, hakionekani. Kistari kilichopigwa kwa mkono hubaki palepale, na hicho ndicho chanzo cha maneno kama “wata-endelea” yanayokutwa katikati ya mstari kwenye magazeti.

Baada ya ukataji hufuata namna programu inavyochagua mahali pa kuvunja mistari. Njia ya zamani hujaza mstari mmoja, huufunga, kisha huenda kwenye unaofuata bila kurudi nyuma. Mwaka 1981 Donald Knuth na Michael Plass walichapisha njia nyingine, ile inayotumika katika programu ya TeX. Hii hupima aya nzima kwanza, na iko tayari kuubana kidogo mstari wa kwanza ili mstari wa nne usipate pengo. Kipimo chake cha ubaya hukua kwa kipeo cha tatu: mstari uliotanuliwa mara mbili ya mwingine huhesabiwa kuwa mbaya mara nane. Kwa hiyo programu huona heri mistari mitatu iliyolegea kidogo kuliko mmoja uliopasuka. Katika InDesign uchaguzi wa aina hii huitwa `Adobe Paragraph Composer`, na ndio unaopaswa kuwashwa, si `Adobe Single-line Composer`. Tahadhari ni moja: neno likirekebishwa mwishoni mwa aya, mistari ya juu nayo inaweza kujipanga upya, kwa hiyo aya yote hukaguliwa tena.

Mipaka ya nafasi huja baadaye. InDesign huanza na `Word Spacing` ya asilimia 80, 100 na 133, maana yake nafasi ikibanwa isipungue asilimia 80 ya upana wake wa kawaida na ikitanuliwa isizidi 133. Wengi hudhani kuupunguza upeo huo kutaondoa mapengo. Hakuondoi. Programu ikikosa njia huvunja mpaka na kutanua vilevile, kwani mstari lazima ufike ukingoni. Faida halisi ya mipaka ni kufichua makosa: mpangaji akiwasha `H&J Violations` katika mapendeleo ya programu, mistari iliyovuka mipaka hupakwa manjano, na rangi hukolea kadiri kosa linavyokuwa kubwa. Wapo wanaoruhusu pia upana wa herufi zenyewe ubadilike kati ya asilimia 98 na 102, kiasi ambacho jicho halikitambui. Kutanua nafasi kati ya herufi, kinyume chake, kuepukwe. Neno lililoachanishwa herufi huonekana kama limekaziwa sauti, na msomaji hutafuta sababu isiyokuwepo.

Mapengo mengine hayatokani na safu. Mwandishi aliyepiga nafasi mbili baada ya nukta, au aliyevunja mstari kwa `Shift` na `Enter`, huacha alama ambazo programu huzitii. Katika InDesign, mstari uliovunjwa hivyo katikati ya aya iliyosawazishwa huvutwa hadi ukingoni hata kama una maneno mawili. Alama hizi husakwa na kufutwa kabla ya upangaji kuanza.

Mstari mmoja au miwili ikigoma baada ya yote hayo, dawa iko kwa mhariri. Katika sentensi ya mfano, “kuyasafirisha mahindi yao” ingeweza kuwa “kusafirisha mahindi”, na mistari yote inayofuata ingejipanga upya. Magazeti yamefanya hivi siku zote, na hakuna kosa mradi maana haiguswi na maneno yaliyonukuliwa ya mtu hayabadilishwi.

Safu ikiwa chini ya herufi 30, kama maelezo ya picha, visanduku vya pembeni au skrini ya simu, usawazishaji wenyewe uachwe. Ukingo wa kushoto hunyooshwa, wa kulia huachwa ukipanda na kushuka, na nafasi zote hubaki sawa kwa sababu upungufu unaishia nje ya maneno. Hata hapo ukataji usizimwe kabisa, kwa kuwa “itakapotengenezwa” likihamishwa zima huacha nusu ya mstari ikiwa wazi.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwenye karatasi iliyochapwa. Ukurasa hugeuzwa juu chini ili maneno yasisomeke, husogezwa urefu wa mkono, na macho hufumbwa nusu. Aya iliyopangwa vizuri huonekana kama kipande kimoja cha rangi ya kijivu. Mto, kama upo, hujitokeza mara moja, na mstari unaostahili kushughulikiwa kwanza ni ule wenye nafasi chache kuliko yote unakopita.