Barua ya asante isiyoishia kwenye faili

Mtafiti akimaliza kukusanya takwimu kijijini, barua ya shukrani huenda kwa mtendaji wa kijiji, naye huitia kwenye faili. Waliojibu maswali hawaioni. Ndiyo maana inafaa barua imwombe mtendaji aisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao Tanzania hutakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Viongozi watajwe kwa vyeo vyao, hata balozi aliyezunguka na wadodosaji juani. Washiriki washukuriwe kwa ujumla tu. Ukiandika “tunawashukuru kina mama kumi wa kitongoji fulani” katika utafiti wa Ukimwi, umeshawaanika.

Ahadi ya matokeo ndiyo huharibika zaidi. “Tutawaletea matokeo” haitoshi. Afadhali: “Mwezi Machi tutarudi kuwaeleza matokeo ya jumla kwa Kiswahili, majibu ya mtu mmoja mmoja hayatatolewa.” Iwekwe na namba ya simu, na fedha za safari hiyo zitengwe tangu kwenye bajeti ya mwanzo. Kama hazipo, usiandike kwamba utarudi. Ahidi muhtasari wa ukurasa mmoja, uutume.