Seva Imetulia, Foleni Inakua

Desemba ikikaribia, wakazi wa Dar es Salaam wenye kwao Moshi na Arusha huanza kuhangaikia tiketi. Zamani ilikuwa kuwahi Ubungo alfajiri. Siku hizi stendi imehamia Mbezi, na watu wengi hukata tiketi kwa simu wakiwa nyumbani. Basi kampuni ikitangaza kwamba viti vya sikukuu vitafunguliwa Jumamosi saa 4:00 asubuhi, kila mtu anabonyeza kwa wakati mmoja. Saa 4:03 ukurasa unazunguka tu. Saa 4:10 mwenye mabasi anampigia fundi wake, na jibu la fundi karibu kila mara ni lilelile: tuongeze seva.

Huenda seva hazina tatizo lolote. Kungekuwa kumefanyika jaribio la mzigo wiki mbili kabla, yaani kutumia programu inayojifanya wateja wengi na kuisukuma tovuti mpaka ishindwe, fundi angejua mahali hasa panapobana. Ukataji wa tiketi una hatua kadhaa: kutafuta safari, kuchagua kiti, kujaza jina, kulipa, kupokea tiketi. Mfumo mzima huenda kwa kasi ya hatua iliyo nzito kuliko zote. Ukizipanua zile nyingine, hupati hata tiketi moja ya ziada.

Wamarekani waliliona hilo tarehe 1 Oktoba 2013, tovuti yao ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilipofunguliwa. Mamilioni waliingia, lakini siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa 6. Moja ya sababu ni kwamba mgeni alilazimika kufungua akaunti kabla hata ya kuangalia bei, kwa hiyo umati wote ulisukumwa kwenye mlango mmoja.

Tuchukue kampuni ya mabasi ya kufikirika. Ina mabasi 36 kwa siku, kila moja lina viti 50, na inauza siku 5 za kabla ya Krismasi. Hivyo ni viti 9,000. Mwenyewe anataka viishe ndani ya nusu saa bila vurugu, kwa hiyo tovuti lazima iuze tiketi 300 kwa dakika. Hiyo 300 ndiyo shabaha ya jaribio. Mtu akikuambia tovuti yake "inabeba watu elfu kumi", hajakuambia kitu, maana elfu kumi wanaosoma ratiba si sawa na mia tatu wanaolipa.

Programu za kazi hii zipo na ni za bure. JMeter na k6 ndizo zinazotumika sana. Ugumu uko kwenye kuigiza umati. Kosa la kawaida ni kumwambia kila mteja wa bandia asitume ombi jingine mpaka ajibiwe. Tovuti ikianza kuchoka, wateja hao wote wananyamaza kusubiri, na mzigo unapungua kwa wakati uleule ambao ungetakiwa kuongezeka. Abiria wa kweli hawana adabu hiyo. Wapya wanaendelea kuingia, na walio ndani wanabonyeza tena na tena. Kwa hiyo jaribio lipangwe kwa idadi ya watu wanaowasili kila dakika, wa mwanzo wawe wamejibiwa au hawajajibiwa.

Kikwazo cha kwanza utakachokutana nacho mara nyingi si cha kweli. Ukitumia kompyuta moja ya ofisini, itakayozidiwa ni hiyo kompyuta au intaneti ya hapo ofisini, na lawama zitakwenda kwa tovuti. Au ulinzi wa tovuti utaona maombi elfu kutoka anwani moja, uyachukulie kama shambulio na kuyakataa. Hapo ndipo ripoti hudanganya vizuri kabisa: ukurasa wa kosa hurudi haraka kuliko tiketi, kwa hiyo wastani wa muda wa kujibu unashuka, na mtu anafurahi kwamba tovuti imeharakika kumbe imekufa. Mteja wa bandia asihesabiwe kufaulu mpaka aone namba ya tiketi kwenye jibu alilopewa.

Halafu kuna malipo. Huwezi kuurushia mtandao wa simu malipo ya bandia maelfu. Hawatakuruhusu, na ni haki yao. Mafundi hutengeneza kikaragosi kinachojibu "imelipwa" badala ya mtandao halisi. Tatizo ni kwamba kikaragosi hicho hujibu papo hapo, wakati abiria wa kweli anapokea ombi kwenye simu, anatafuta miwani, anaingiza namba ya siri, anakosea, anarudia. Kikaragosi kinapaswa kuchelewa kama watu wanavyochelewa: wengine sekunde 5, wengine 20, wachache wasijibu kabisa. Ukiondoa ucheleweshaji huo, kampuni yetu itafaulu jaribio kwa alama za juu na kuanguka Jumamosi.

Sasa mzigo unapandishwa kwa ngazi, kila ngazi dakika 5, kwenye nakala ya mfumo yenye mipangilio ileile na data nyingi kama ya kweli. Tiketi 60 kwa dakika: sawa. 90: sawa. 120: muda wa kusubiri unaanza kuyumba. 150: zinazokamilika bado ni 120 tu, na ikifika dakika ya pili makosa yanaanza kumiminika. Hata anayetaka kuangalia ratiba tu hapati ukurasa. Fundi anatazama seva na kukuta prosesa inatumia asilimia 15. Kumbukumbu imebaki tele. Seva imetulia, na wateja wamekwama.

Mstari ukilala huku mashine ikiwa haina kazi, tafuta kitu kinachoshikiliwa bila kutumika. Kampuni yetu inahifadhi viti kwenye kanzidata ya PostgreSQL, na programu imepewa njia 20 za kuongea nayo. Fundi anaiuliza kanzidata njia hizo zinafanya nini:

```sql
SELECT state, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'tiketi'
GROUP BY state;
```

Jibu linaonyesha karibu njia zote ziko katika hali ya `idle in transaction`. Maana yake ni kwamba kazi imefunguliwa, haijafungwa, na kwa sasa hakuna kinachofanyika. Ukifungua msimbo unaona kwa nini. Mwandishi wa mfumo alianza kazi kwenye kanzidata, akashika kiti, akatuma ombi la malipo, akamsubiri abiria alipe, ndipo akafunga kazi. Njia ikakaliwa muda wote huo. Ni kama karani wa stendi anayemwacha abiria asimame dirishani huku akimpigia simu shemeji yake amtumie nauli.

Hesabu yake ni fupi. Malipo yakichukua wastani wa sekunde 10, njia moja inahudumia watu 6 kwa dakika. Njia 20 ni watu 120. Ndiyo ile 120 iliyogoma kupanda, na hesabu ya karatasi ikilingana hivi na jaribio, unajua umepata kikwazo chenyewe. Kwenye 150, watu 30 wanabaki nje kila dakika. Baada ya dakika 2 foleni ina watu 60, wa mwisho anasubiri sekunde 30, na programu nyingi zimewekewa ukomo wa hapo hapo: njia isipopatikana ndani ya sekunde 30, toa kosa. Siku za kawaida kampuni huuza tiketi 6 kwa dakika, njia moja tu inatumika kwa wakati, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Tuongeze seva, basi? Kila seva mpya inakuja na njia zake 20. PostgreSQL, isipobadilishwa, hupokea miunganisho 100, na 3 kati yake imetengwa kwa ajili ya msimamizi. Seva ya tano ikiwaka, kanzidata inajibu kwa kosa linaloanza na `FATAL: remaining connection slots are reserved`. Unaweza kupandisha kikomo hicho, lakini kila muunganisho unakula kumbukumbu, na bado abiria anashika njia kwa sekunde 10 wakati kazi halisi haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Mimi naiita pesa iliyotupwa.

Dawa ni kuikata kazi vipande viwili. Kwanza programu inaandika kwamba kiti namba fulani kimeshikwa kwa dakika 10, inafunga kazi na kuiachia njia. Kisha inatuma ombi la malipo bila kushika chochote. Mtandao wa simu ukileta jibu, kazi ya pili fupi inageuza "kimeshikwa" kuwa "kimeuzwa". Kila kipande kikichukua milisekunde 20, njia 20 zilezile zinatosha, kwa hesabu, tiketi 500 kwa sekunde. Hakuna mashine iliyonunuliwa.

Ila dawa hii ina kasoro yake, na lazima nayo ijaribiwe. Abiria akilipa dakika ya 11, kiti chake kinaweza kuwa kimeshauzwa kwa mwingine, pesa yake ikiwa imeshakatwa. Kwa hiyo muda wa kushika kiti uzidi muda ambao ombi la malipo hubaki hai kwenye simu, na kuwe na utaratibu wa kumrudishia pesa atakayechelewa hata hivyo. Katika majaribio mengi niliyosoma, hiki ndicho kipengele kinachosahaulika.

Jaribio linarudiwa kutoka mwanzo. 300 kwa dakika inapita. 600 inapita. Ukiendelea kusukuma, na ukiwaelekeza wote kwenye basi moja la asubuhi la tarehe 22, utakuta kikwazo kipya: wanunuzi wa basi hilo wanasubiriana kubadilisha mstari mmoja wa kanzidata wenye idadi ya viti vilivyobaki. Kwa milisekunde 20 kila mmoja, basi moja haliwezi kuuza zaidi ya viti 50 kwa sekunde. Lakini basi lenyewe lina viti 50. Litajaa ndani ya sekunde moja, na kikwazo kitakwisha pamoja nalo. Hapa fundi mwenye busara anaweka kalamu chini. Shabaha ilikuwa 300, ameshapita mara mbili yake, na vikwazo vingine ataviona mwakani akiwa na mabasi mengi zaidi.

Ukiwa wewe ndiye mwenye tovuti na umeletewa ripoti ya jaribio, uliza maswali matatu kabla ya kulipa: malipo ya bandia yalichelewa kwa sekunde ngapi, ni kitu gani hasa kilichoishiwa kwanza, na je, kilipotibiwa jaribio lilirudiwa? Asiyeweza kujibu la pili hajamaliza kazi, mrudishie ripoti yake.